Umri wa Betri ya Gari: Jinsi ya Kuusoma na Wakati wa Kuibadilisha

Betri ya gari huanza kuzeeka siku inapotiwa tindikali, hata kama haijawahi kufungwa kwenye gari. Kwa sababu hiyo tarehe ya kununua haitoshi kueleza umri wake. Inayotosha ni tarehe ya kutengenezwa, na karibu kila kiwanda huiandika mahali fulani kwenye betri. Tatizo ni kwamba mara nyingi haiandikwi kama tarehe ya kawaida, bali kama herufi na tarakimu chache ambazo mnunuzi huzipita akidhani ni namba za kiwanda tu. Anayejua kuzisoma anaweza kukataa betri iliyolala dukani mwaka mzima, na anaweza kupanga kubadilisha betri yake kabla haijamwacha njiani.

Mahali pa kutafuta

Alama ya tarehe hukaa sehemu chache zinazojulikana. Ya kwanza ni juu ya kifuniko, karibu na vichwa vya betri au kwenye ukingo wa plastiki. Ya pili ni ubavuni, ambako mara nyingi inafichwa na trei au na ukanda wa chuma unaoishikilia betri. Baadhi ya viwanda huigonga kwenye risasi ya kichwa chenyewe. Vingine hutumia stika ya duara yenye mwezi na mwaka, au kadi ndogo yenye miezi 12 ambayo mwezi husika umetobolewa.

Alama iliyogongwa kwa moto kwenye plastiki haina rangi, hivyo vumbi na mafuta huifunika kabisa. Kitambaa chenye unyevu na mwanga wa tochi ulioelekezwa kwa pembeni hufanya kivuli ambacho huziinua herufi zionekane. Alama ya aina hii ndiyo ya kuaminika zaidi, kwa kuwa stika inaweza kubanduliwa na kubandikwa nyingine, lakini plastiki iliyogongwa haiwezi kubadilishwa bila kuacha mkwaruzo.

Namna alama zinavyoandikwa

Mtindo ulioenea sana ni wa herufi moja na tarakimu moja. Herufi ni mwezi: A ni Januari, B ni Februari, C ni Machi, na kuendelea. Tarakimu ni mwisho wa mwaka. Betri yenye C4 ilitengenezwa Machi 2024. Viwanda vingine huruka herufi I kwa sababu inafanana na tarakimu 1, na hapo J huwa Septemba na M huwa Desemba. Kwa vile visivyoruka, Desemba ni L. Tofauti hiyo ni ya mwezi mmoja tu, na inagusa miezi minne ya mwisho wa mwaka peke yake, kwa hiyo haibadilishi uamuzi wowote wa maana. Herufi nyingine zinazofuata au kutangulia kwa kawaida hutaja kiwanda au zamu ya kazi.

Tarakimu moja ya mwaka hujirudia kila baada ya miaka 10, kwa hiyo C4 inaweza pia kuwa Machi 2014. Kwenye betri iliyofungwa garini jambo hili huamuliwa na hali yake: betri ya kuwashia injini iliyofikisha zaidi ya miaka 10 ikiwa bado inafanya kazi ni nadra mno. Dukani huamuliwa na hali ya kasha, stika na vichwa.

Mtindo wa pili ni wa tarakimu sita, unaoonekana kwenye betri nyingi za Kijapani, zikiwemo zile zinazokuja na magari yaliyotumika kutoka Japani. Tarakimu hizo ni siku, mwezi na mwaka, mbili mbili. Mpangilio wa kawaida ni siku kwanza na mwaka mwisho, kwa hiyo 180623 ni tarehe 18 Juni 2023. Akili kidogo husaidia kuthibitisha: jozi ya katikati haiwezi kuzidi 12, na jozi ya mwaka haiwezi kuwa ya mbele ya mwaka uliopo. Jozi zote zikiwa chini ya 13, ni vizuri kumuuliza muuzaji au wakala kuliko kubahatisha.

Mtindo wa tatu hutumia siku ya mwaka badala ya mwezi. Betri za Optima, kwa mfano, huwa na tarakimu nne zilizochongwa kwenye plastiki: ya kwanza ni mwisho wa mwaka, na tatu zinazofuata ni siku ya ngapi katika mwaka huo. Alama 3123 ni siku ya 123 ya mwaka 2023, yaani tarehe 3 Mei.

Ipo pia misimbo isiyoweza kukisiwa. Kwenye baadhi ya betri za Ulaya, zikiwemo za Varta, miezi imepewa namba za ndani ya kiwanda: Januari ni 17, Aprili ni 20, kisha Mei inaruka hadi 53 na Desemba ni 60. Namba hizo zimo katikati ya mfululizo mrefu, na bila jedwali la kiwanda hazisomeki. Katika hali hiyo njia ya uhakika ni kupiga picha ya msimbo mzima na kumpelekea wakala wa betri hiyo.

Namba zisizo tarehe

Kosa la kawaida ni kusoma tarehe kwenye alama ya ukubwa. Betri ya Kijapani iliyoandikwa 55B24L haikutengenezwa mwaka 2024. Hapo 55 ni daraja la nguvu, B ni kipimo cha upana na kimo, 24 ni urefu wa betri kwa sentimita, na L inaonyesha upande kilipo kichwa hasi. Vivyo hivyo NS60 na N70, ambayo ni majina mafundi wengi wa Afrika Mashariki huyatumia kuagiza betri, ni ukubwa tu. Namba inayofuatwa na Ah ni kiasi cha umeme ambacho betri inaweza kuhifadhi, na ile inayofuatwa na CCA ni nguvu ya kuzungusha injini wakati wa baridi.

Ipo hali moja ambayo tarehe ya kiwanda, hata ikisomwa sawasawa, haina uzito uleule. Baadhi ya betri husafirishwa zikiwa hazina tindikali ndani, na muuzaji huzijaza siku ya kuuza. Mabamba yake yakiwa makavu na kasha likiwa limefungwa vizuri, uzee huwa wa polepole sana. Kwa betri ya namna hii umri huhesabiwa tangu siku ya kujazwa, na ni muhimu tarehe hiyo iandikwe kwenye risiti na kwenye betri yenyewe kwa kalamu isiyofutika.

Kwa nini umri una maana

Betri ya volti 12 ina seli sita, na kila seli ina mabamba ya risasi yaliyozama katika mchanganyiko wa maji na tindikali ya salfa. Mambo mawili huiua polepole. La kwanza ni kutu ya viunzi vya risasi vinavyoshikilia mabamba chanya. Kutu hiyo huendelea muda wote, betri ikitumika au isipotumika, mpaka viunzi vinakatika na unga wa bamba unadondoka chini ya kasha. La pili ni chumvi ya salfeti ya risasi, ambayo huganda juu ya mabamba kila betri inapotoa umeme. Betri ikichajiwa mapema chumvi hiyo huyeyuka. Ikiachwa wiki nyingi na chaji ndogo, chembe zake hukua na kuwa ngumu, na sehemu ya bamba iliyofunikwa haifanyi kazi tena.

Joto huharakisha yote mawili, na pia hukausha maji ya betri. Kanuni wanayoitumia wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza maisha ya betri kwa takribani nusu. Ndiyo maana betri inayoweza kufika miaka 4 au 5 katika nchi ya baridi ya wastani, kwenye joto la Dar es Salaam, Mombasa au Muscat mara nyingi huchoka kati ya miaka 2 na 3. Nairobi, Arusha na Iringa, zilizo juu zaidi ya usawa wa bahari, huipa betri muda mrefu kuliko pwani.

Baridi nayo haiiui betri, bali huufichua udhaifu wake. Katika baridi mafuta ya injini huwa mazito, stata huhitaji nguvu zaidi, na wakati huohuo kemia ya betri hupungua kasi. Gari lililowaka kila siku pwani linaweza kugoma asubuhi ya kwanza likilala Njombe au Limuru, na mwenye gari akadhani safari ndiyo iliyoharibu betri. Kwa kweli joto la pwani lilikwishaimaliza miezi kadhaa nyuma.

Namna ya kuendesha pia huhesabika. Safari fupi fupi na foleni ndefu zenye taa na kiyoyozi hazimpi altaneta muda wa kurudisha umeme uliochukuliwa na stata. Gari linaloegeshwa wiki nyingi huendelea kunyonywa na kengele ya wizi na saa. Magari ya namna hiyo huishi upande mfupi wa makadirio.

Vipimo vya kuufuatilia umri

Umri peke yake hausemi betri itakufa lini, lakini husema wakati wa kuanza kupima. Pwani ni busara kuanza betri inapofikisha miaka 2 tangu kutengenezwa, na kurudia kila miezi 6. Nyanda za juu inaweza kuwa miaka 3. Mita ya kawaida ya umeme inatosha kwa vipimo vitatu.

Kipimo cha kwanza hufanywa asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Mita ikiwekwa kwenye vichwa viwili, volti 12.6 au zaidi ni chaji kamili, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni karibu robo. Kupima mara baada ya kuzima injini hakufai, kwa sababu betri iliyotoka kuchajiwa huonyesha volti za juu kuliko hali yake halisi.

Kipimo cha pili ndicho kinachofichua uzee. Mita huachwa kwenye vichwa huku mtu mwingine akiwasha injini iliyopoa. Volti hushuka ghafla, kisha hupanda. Betri iliyojaa chaji na yenye afya, katika hali ya joto, kwa kawaida haishuki chini ya 10. Ikishuka chini ya 9.6 ilhali asubuhi ilisoma 12.6, mabamba yamechoka: betri ina volti lakini haina nguvu.

Kipimo cha tatu ni cha kuiepusha betri na lawama isiyo yake. Injini ikiwa inanguruma, volti zinapaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Zikiwa chini ya 13.5 hata baada ya kuongeza mafuta, huenda altaneta au mkanda wake ndio wenye kasoro. Zikizidi 15, altaneta inaipikia betri maji yake, na betri mpya itakayofungwa hapo itakufa upesi kama ya kwanza. Betri zenye vifuniko vya kujazia maji hupimwa pia kwa kipima uzito wa tindikali: seli iliyojaa husoma karibu 1.265, na seli moja ikiwa chini ya nyingine kwa 0.050 au zaidi, hiyo seli imeharibika na haina tiba.

Dalili za macho na masikio huja baadaye. Stata huzunguka kwa uvivu, taa za dashibodi hufifia wakati wa kuwasha, kasha huvimba ubavuni, au hutoka harufu ya yai viza. Injini za kisasa zenye kupuliza mafuta kwa umeme huwaka kwa mizunguko michache sana, kwa hiyo huficha uchovu wa betri mpaka siku inaposhindwa kabisa. Kusubiri dalili ni kuchelewa.

Mfano wa hesabu

Gari dogo la Toyota liko Dar es Salaam, na mwezi ni Mei 2026. Kwenye ukingo wa kifuniko cha betri yake kuna alama H3. H ni Agosti na 3 ni 2023, hivyo betri ina miezi 33. Risiti inaonyesha ilinunuliwa Februari 2024, maana yake ilikaa dukani miezi 6 kabla ya kufungwa. Mwenye gari anayehesabu kwa risiti anaamini betri yake ina miezi 27 na bado ni kijana. Kwa hesabu ya kweli imekaribia miaka 3, katika mji wa joto.

Asubuhi mita inasoma 12.35. Injini ikiwa inanguruma inasoma 14.2, hivyo altaneta haina tatizo. Betri inatolewa na kuchajiwa polepole usiku kucha kwa chaja, kisha inaachwa siku moja bila kuguswa. Inasoma 12.4, ingawa ilipaswa kubaki karibu 12.6, na wakati wa kuwasha inashuka hadi 9.3. Hapo vipimo na umri vinakubaliana: betri ibadilishwe wiki hiyo, ingawa gari bado linawaka kila asubuhi.

Kama baada ya kuchajiwa ingebaki 12.6 na kushuka hadi 10.4 tu wakati wa kuwasha, uamuzi ungekuwa tofauti. Upungufu wa asubuhi ungetokana na safari fupi au na kifaa kinachonyonya umeme usiku, na betri ingestahili kuendelea kutumika, ikipimwa tena baada ya miezi 3 kwa sababu ya umri wake.

Kununua na kubadilisha

Dukani, alama ya tarehe isomwe kabla ya kulipa. Betri yenye tindikali iliyo chini ya miezi 3 ni mpya kweli. Iliyofika miezi 6 inakubalika kama muuzaji ameichaji mara kwa mara na inasoma angalau volti 12.5. Inayozidi hapo, au inayosoma chini ya 12.4, imekwishaanza kuota chumvi ngumu ikiwa bado rafuni. Alama iliyosuguliwa, stika mpya juu ya kasha lililokwaruzwa, au vichwa vyenye alama za kubanwa na spana huashiria betri ya zamani iliyosafishwa na kuuzwa kama mpya. Ukubwa, nguvu na upande wa vichwa vilingane na betri ya awali. Gari linalozima injini lenyewe kwenye foleni lina betri ya aina maalumu, na likifungwa betri ya kawaida huimaliza ndani ya muda mfupi.

Wakati wa kubadilisha, vifaa vyote huzimwa na ufunguo kutolewa. Waya wa kichwa hasi hufunguliwa kwanza, kisha wa chanya. Mpangilio huu una sababu: mwili wa gari umeunganishwa na kichwa hasi, hivyo spana ikiteleza kutoka kichwa chanya na kugusa bodi ilhali hasi bado imefungwa, cheche kubwa hutokea. Wakati wa kufunga mpangilio hugeuzwa, chanya kwanza na hasi mwisho. Klipu husafishwa kwa brashi ya waya na maji yenye magadi, na betri hubanwa imara kwenye trei, kwa kuwa mtikisiko wa barabara mbovu hudondosha unga wa mabamba. Baada ya hapo redio inaweza kudai namba yake ya siri na vioo vya umeme vinaweza kuhitaji kufundishwa upya. Baadhi ya magari, hasa ya Ulaya, hutaka betri mpya isajiliwe kwa mashine ya fundi ili kompyuta ibadilishe namna ya kuchaji.

Betri ya zamani irudishwe kwa muuzaji au kwa mnunuzi wa chuma chakavu aliyeidhinishwa, ikiwa imesimama wima na tindikali yake ikiwa ndani. Madhara ya risasi yameonekana Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichafua makazi ya watu, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Nafuu ndogo ya bei ambayo wauzaji wengi hutoa kwa kurudishiwa betri ya zamani hutosha kuizuia isiishie uani.

Kazi ya mwisho ni kuandika. Kwenye kifuniko cha betri mpya huandikwa mwezi na mwaka wa kutengenezwa kama ulivyosomwa kwenye alama, kisha mwezi na mwaka wa kufungwa, kwa kalamu isiyofutika. Fundi yeyote atakayefungua boneti baadaye ataujua umri wake mara moja, na tarehe ya kuanza vipimo itahesabiwa kutoka ile ya kwanza kati ya hizo mbili.